Jibu la 680 lililoizidi hendauti: kisa cha kona ambayo sio kona kwenye linia programingi

Kuna swali moja kwenye hendauti ya operesheni risachi ambalo linawasumbua watu sana, na nataka nilifungue lote hapa maana ukilielewa hilo moja njia ya grafu ya linia programingi, yaani kutafuta faida kubwa kwa kuchora masharti kama mistari, umeshaishika. Hendauti inasema faida kubwa kabisa inayowezekana ni 650. Kijana mmoja ninayemsaidia masomo kapata 680, grafu yake safi, mistari imekatana kwenye namba nzima bila desimali, akaniuliza, "Kaka, si tunatafuta faida kubwa zaidi? Sasa yangu ni kubwa kuliko yao, mbona wanasema nimekosa?" Swali la haki kabisa hilo, na kumwambia "rudia kuchora" sio kumjibu.

Swali lenyewe liko hivi. Karakana inatengeneza milango na madirisha. Mlango mmoja unakula saa 2 za kukata, saa 1 ya kuunganisha na saa 1 ya rangi. Dirisha moja linakula saa 1 ya kukata, saa 1 ya kuunganisha na saa 3 za rangi, manake lina kingo nyingi. Kwa wiki karakana ina saa 40 za kukata, saa 25 za kuunganisha na saa 60 za rangi. Mlango unaleta faida ya 30, dirisha 20, na chochote kinachotengenezwa kinanunuliwa. Watengeneze milango mingapi na madirisha mangapi?

Tukiita milango x na madirisha y, inakuwa hivi:

```
Kuza:  Z = 30x + 20y
       2x +  y <= 40   kukata
        x +  y <= 25   kuunganisha
        x + 3y <= 60   rangi
        x >= 0, y >= 0
```

Mstari wa mwisho pale watu huwa wanauandika kama mapambo tu, lakini ni masharti mawili kamili, unasema huwezi kutengeneza milango hasi wala madirisha hasi, na kwenye grafu ni mistari miwili kama ile mingine, ni vile tu kwamba imeshachorwa tayari kwa sababu ndiyo ile mihimili yenyewe. Kumbuka hilo, tutalihitaji tukifika kwenye kuhesabu kona.

Sasa kuchora. Kila sharti unalifanya kwanza kuwa mlinganyo, yaani unaweka sawasawa mahali pa ile alama ya "isizidi", halafu unatafuta nukta mbili za kupitishia mstari. Rahisi zaidi ni kuweka x iwe sifuri upate y, halafu y iwe sifuri upate x. Kukata inakupa (0, 40) na (20, 0). Kuunganisha inakupa (0, 25) na (25, 0). Rangi inakupa (0, 20) na (60, 0), na hapa ndo pa kuwa makini maana ile 60 inakulazimisha uvute mhimili wa x mpaka mbali, skeli inabanwa, na mambo yote ya muhimu ambayo yanatokea kabla ya x kufika 20 yanajikuta yamerundikana kwenye kipande kidogo cha karatasi upande wa kushoto, mistari inakatana karibu karibu mpaka unene wa penseli unakudanganya. Hakuna sheria inayosema lazima utumie nukta za kwenye mhimili. Mstari wa rangi unapita pia kwenye (15, 15), hesabu mwenyewe, 15 ukijumlisha na 3 mara 15 ni 60. Tumia (0, 20) na (15, 15), ukomee 25 kwenye mhimili wa x, na 40 kwenye y inatosha, grafu yako itapumua.

Mstari ukishachorwa unaigawa karatasi pande mbili, na unatakiwa ujue upande upi unaruhusiwa. Chukua nukta (0, 0), iweke kwenye sharti, kama inakubali basi upande wenye sifuri ndio wako. Sifuri haizidi 40, haizidi 25, haizidi 60, kwa hiyo masharti yote matatu yanashika upande wa chini kushoto. (Kama mstari wenyewe unapita kwenye (0, 0) jaribio hili halifanyi kazi, chagua nukta nyingine yoyote ambayo haiko juu ya mstari.) Kidokezo kimoja ambacho nakipenda sana ni kutia kivuli upande unaokataliwa badala ya unaokubaliwa, yaani unafuta takataka, na pale panapobaki peupe ndipo eneo linaloruhusiwa. Ukitia kivuli pande zinazokubaliwa, mistari mitatu inakupa vivuli vitatu vilivyolaliana na inabidi ukodoe macho uone wapi vyote vitatu vimekutana, na hapo ndipo makosa yanapoanzia.

Eneo linaloruhusiwa maana yake ni nini hasa? Ni mkusanyiko wa kila mpango ambao karakana inaweza kuutekeleza kweli bila kukosa saa popote. Nukta (5, 5) imo ndani, milango 5 na madirisha 5, inakula saa 15 za kukata, 10 za kuunganisha, 20 za rangi, na kote saa nyingine zinabaki. Nukta (20, 10) haimo, kukata peke yake inataka saa 50. Neno la kushika hapa ni "yote". Mpango ukikubaliwa na masharti mawili ukakataliwa na la tatu, umekataliwa, hakuna wastani.

Basi tuje kwenye kona, maana ndo palipo na kesi yetu. Mistari tuliyonayo ni mitano, mitatu ya masharti ya saa na miwili ya mihimili. Mistari mitano ambayo hakuna miwili inayoenda sambamba inakatana mara 10. Kumi! Lakini kona za eneo linaloruhusiwa hapa ni 5 tu. Nusu nzima ya makutano ni bandia, ni mahali ambapo mistari miwili imekutana nje ya eneo, na hendauti nyingi zinapita hapa haraka mno, zinaandika tu "tafuta nukta za makutano halafu pima faida", mwanafunzi anazipima zote, anachagua kubwa, na anakosa akiwa amefuata maelekezo neno kwa neno.

Kona halali ni hizi: (0, 0), (20, 0), (15, 10), (7.5, 17.5) na (0, 20). Ile (15, 10) ni pale kukata na kuunganisha zinapokutana, ukitoa x + y = 25 kwenye 2x + y = 40 inabaki x = 15. Ile (7.5, 17.5) ni kuunganisha na rangi, ukitoa unabaki na 2y = 35. Usizisome kwa macho kwenye grafu, grafu ikuonyeshe ni mistari ipi miwili inakutana halafu tatua kwa hesabu. Penseli haiwezi kukupa 7.5 kwa uhakika.

Faida zake kwa mpangilio huo huo ni 0, 600, 650, 575 na 400. Kubwa ni 650, milango 15 madirisha 10, kama hendauti ilivyosema.

Na ile 680? Imetoka kwenye (12, 16), ambapo mstari wa kukata na mstari wa rangi zinakutana. 30 mara 12 ni 360, 20 mara 16 ni 320, jumla 680. Hesabu haina kosa hata moja. Sasa jaribu kuutekeleza huo mpango: kukata, 24 na 16 ni 40, sawa. Rangi, 12 na 48 ni 60, sawa. Kuunganisha, 12 na 16 ni 28. Saa zilizopo ni 25. Umekufa hapo. Kijana alipima nukta kwenye masharti mawili yaliyoizaa, na kwa kweli nukta haiwezi kuvunja masharti yaliyoizaa, iko juu ya mistari yao, kwa hiyo kuipima huko ni kujiridhisha bure. Sharti la kupima ni lile ambalo halikushiriki. Hiyo ndiyo njia ya haraka kabisa ya kujua kona bandia: kila makutano yapeleke kwa masharti ambayo hayakuhusika kuyatengeneza, likikataa hata moja, futa.

Kwenye grafu pia inaonekana ukisimama kwenye x = 12 na kupanda moja kwa moja juu. Unagonga mstari wa kuunganisha kwanza, kwenye y = 13. Mistari ya kukata na rangi inakungoja juu zaidi, kwenye 16. Yaani kuifikia (12, 16) lazima upenye ukuta wa kuunganisha. Kwenye skeli iliyobanwa hizo hatua tatu kutoka 13 mpaka 16 ni kama unywele, ndo maana nilisisitiza skeli.

Na kona bandia hazina aibu, nyingine zina faida kubwa kuliko hiyo. Nukta (60, 0) ambapo mstari wa rangi unagonga mhimili wa x inatoa 1800. Hakuna aliyeichagua kwa sababu milango 60 inaonekana wazi kuwa ni ndoto. Ile ya 680 inadanganya kwa sababu imekaa karibu na ukweli. Kwa hiyo jibu la swali la kijana ni kwamba hatutafuti faida kubwa, tunatafuta faida kubwa kati ya mipango inayotekelezeka, na kona bandia zilizo kule nje kwa kawaida zitakuwa na faida kubwa zaidi, manake kile kinachozikataza ndicho hicho hicho kinachoizuia faida isipande.

Lakini mtu atauliza, kwa nini tupime kona tu? Ndani ya eneo kuna mipango isiyohesabika, tumejuaje kwamba hakuna bora zaidi katikati? Swali zuri na linastahili nafasi.

Chukua faida yoyote, sema 300, halafu chora mstari wa mipango yote inayoleta 300 kamili, unapita (10, 0) na (0, 15). Huo ni mstari wa faida sawa, popote ulipo juu yake faida ni ile ile. Sasa chora wa 600, unapita (20, 0) na (0, 30). Ni sambamba kabisa na wa kwanza, umesogea tu kwenda juu kulia. Kwa hiyo kuongeza faida ni kuuteleza mstari ule ule na rula kuelekea kule, na unaendelea kuuteleza mradi bado unagusa eneo linaloruhusiwa. Ukiwa katikati ya eneo daima kuna nafasi ya kusogea tena kidogo, kwa hiyo katikati hapawezi kuwa mwisho. Sehemu ya mwisho kuguswa kabla mstari haujaachana na eneo itakuwa ama kona moja, ama ukingo mzima endapo ukingo huo ni sambamba na mstari wako, na ukingo mzima una kona zake mbili mwishoni, kwa hiyo hata hapo kona ipo. Hii inafanya kazi kwa sababu kingo zimenyooka na eneo halina mbonyeo wa kuingia ndani. Jaribu na grafu yetu, mstari wa 650 unagusa (15, 10) peke yake. Ule wa 680 hauligusi eneo popote, unapita hewani.

Njia hii ya kuteleza rula mimi naipenda kuliko ya kupima kona kwa sababu haiwezi kukupa kona bandia hata ukitaka, ila inataka mchoro safi. Fanya zote mbili kama muda upo, zikikubaliana lala usingizi.

Mteremko ndio unaoamua kona ipi ishinde. Mstari wa faida unashuka kwa 30/20, yaani 1.5. Kukata unashuka kwa 2, kuunganisha unashuka kwa 1. Kwa kuwa 1.5 iko kati ya 1 na 2, kona inayoshinda ni ile ya hiyo mistari miwili. Kutoka hapo unapata kitu cha maana sana kwa mwenye karakana: faida ya dirisha ikibaki 20, faida ya mlango inaweza kucheza popote kati ya 20 na 40 na mpango bora ukabaki ule ule, milango 15 madirisha 10. Ikifika 40 kamili mstari wa faida unalala juu ya ukingo wa kukata, na (15, 10) na (20, 0) zote zinaleta 800, pamoja na kila nukta kati yake, hapo una majibu mengi na yote ni sahihi. Ikipita 40 tu, hata dirisha moja halitengenezwi tena.

Turudi kwenye (12, 16) maana bado ina kazi. Angalia mpango wa (15, 10) unatumia nini: kukata saa 40 zote, kuunganisha saa 25 zote, rangi saa 45 tu kati ya 60. Saa 15 za rangi zinalala. Mtu akija kukuuzia saa za ziada za rangi, mfukuze, hazikuongezei chochote. Akija na saa moja ya kuunganisha, mstari wa kuunganisha unasogea kuwa x + y = 26, kona inahamia (14, 12), faida 420 na 240, ni 660. Saa moja imeleta 10. Hiyo 10 ndiyo bei kivuli ya saa ya kuunganisha, ukilipa chini ya 10 kwa saa umepata, ukilipa zaidi umepoteza.

Je, inaendelea hivyo milele? Hapana. Saa 27, kona inakuwa (13, 14), faida 670. Saa 28, kona inakuwa (12, 16), faida 680. Ile kona bandia imekuwa kona halali! Na hapo hapo mambo yanageuka, kwa sababu mistari yote mitatu sasa inakutana kwenye nukta moja, na ukiongeza saa ya 29 mstari wa kuunganisha unasogea nje ya eneo kabisa, haugusi popote, unakuwa sharti la ziada lisilozuia kitu. Bei kivuli yake inaanguka kutoka 10 mpaka sifuri. Kwa hiyo yule kijana alikuwa ameshika jibu sahihi la karakana nyingine, yenye saa 28 za kuunganisha. Nilipomwonyesha hivyo alielewa kazi ya ule mstari haraka kuliko kwa maelezo yote ya mwanzo, na tangu hapo nimeamua kona bandia sizifuti tu, nauliza ni sharti lipi limeiua na kwa kiasi gani. Hapa ni kuunganisha, kwa saa 3.

Kuna jambo la namba nzima ambalo hapa tumeliepuka kwa bahati. Geuza faida, mlango uwe 20 na dirisha 30, mstari wa faida unalala zaidi na kona inayoshinda ni (7.5, 17.5), faida 675. Nusu mlango. Watu wanakimbilia kukadiria kwenda juu, (8, 18), lakini hiyo inataka saa 26 za kuunganisha, imekataliwa. (7, 18) inataka saa 61 za rangi, imekataliwa nayo. (8, 17) inapita, inaleta 670. Na tunajua hakuna bora zaidi kwa namba nzima kwa sababu faida zote hapa zinakwenda kwa makumi na dari ni 675. Sio kila mara utabahatika kuthibitisha kirahisi hivyo, kuna maswali ambayo jibu bora la namba nzima liko mbali na kona, na hayo yana njia zake. Ila kama swali ni la wiki baada ya wiki, nusu mlango sio tatizo, unaumaliza wiki inayofuata.

Kwa maswali ya kupunguza gharama, masharti mengi yanakuwa ya "isipungue", eneo linafunguka kwenda juu kulia bila mwisho, na hilo halina shida maana unateleza rula kurudi kuelekea sifuri. Shida ni pale eneo liko wazi upande ule ambao faida inapanda na wewe unakuza, basi faida haina kikomo, na karibu kila mara maana yake ni kwamba kuna sharti umesahau kuandika. Na eneo lisipobaki kabisa, kivuli kimefunika karatasi yote, masharti yanapingana, hakuna mpango, hakuna cha kupima.

Bidhaa zikiwa tatu grafu inakuwa ya pande tatu, masharti yanakuwa kuta bapa badala ya mistari, inachoreka kwa taabu. Zikiwa nne haichoreki. Hapo ndipo inaingia njia ya simpleksi ya George Dantzig, ya mwaka 1947, ambayo inaanza kwenye kona moja halali na kutembea ukingoni kwenda kona jirani yenye faida bora, mpaka jirani wote wasiwe bora. Kwenye grafu yetu ingetoka (0, 0), ikaenda (20, 0) kwa sababu mlango una faida kubwa zaidi, ikapanda (15, 10), ikaangalia (7.5, 17.5) ikaona inashuka, ikasimama. Kwenye (12, 16) haipiti kabisa, manake kabla ya kila hatua inapima ni sharti lipi litagongwa kwanza, na inasimama hapo hapo.